Agizo Lilelile, Jibu Jingine: Kuhifadhi Maagizo ya Akili Mnemba Pamoja na Toleo la Zana

Agizo lililoidhinishwa ni maandishi ambayo ofisi imeyapima, ikayakubali, kisha ikaruhusu watumishi wake wayatumie kila siku wanapoipa kazi zana ya akili mnemba. Wengi huliita promti. Linaweza kuwa mistari mitatu ya kufupisha barua, au kurasa mbili za kupanga malalamiko ya wateja kwa mafungu. Likishakubaliwa hunakiliwa, husambazwa na kuaminiwa, na kosa huanzia hapo. Kinachohifadhiwa mara nyingi ni maneno peke yake, ilhali siku ya kuidhinisha vilipimwa vitu viwili: maneno, na zana iliyoyasoma. Mwenye zana akiibadilisha, maneno hubaki yaleyale herufi kwa herufi, lakini majibu huweza kuwa mengine kabisa. Kwa hiyo agizo linapotunzwa hupewa namba ya toleo lake, na kando ya namba hiyo huandikwa toleo la zana ambalo idhini ilitolewa juu yake.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2023. Lingjiao Chen na James Zou wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na Matei Zaharia wa Chuo Kikuu cha Kalifonia, Berkeley, waliichukua GPT-4 kama ilivyokuwa Machi na kama ilivyokuwa Juni mwaka huo, wakaipa maagizo yaleyale. Moja ya kazi lilikuwa kuandika programu fupi za kompyuta. Programu zilizoweza kuendeshwa moja kwa moja, bila mkono wa mtu kuzigusa, zilikuwa asilimia 52 kwa toleo la Machi. Kwa toleo la Juni zilishuka hadi asilimia 10.

Anayesikia tarakimu hizo hudhani zana ilikuwa imepoteza uwezo wa kuandika programu. Sababu kubwa ilikuwa ndogo kuliko hapo. Toleo la Juni lilikuwa na mazoea mapya ya kuifunga programu kati ya vialama vitatu vya mwanzo na vitatu vya mwisho, kile kialama cha mshazari kinachokaa chini ya kitufe cha Esc katika kibodi nyingi. Kwenye dirisha la mazungumzo vialama hivyo husaidia, kwa kuwa huigeuza programu kuwa kisanduku kinachosomeka vizuri. Lakini anayelichukua jibu zima na kulipeleka kwenye mashine iliendeshe hukuta mashine imekwama kwenye mstari wa kwanza, maana vialama si sehemu ya programu. Agizo lilisema watoe programu peke yake, bila maneno mengine. Matoleo mawili yaliisoma sentensi hiyo kwa namna mbili.

Kazi nyingine katika utafiti huo ilikuwa kutambua namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Taarifa ya kwanza ilionyesha usahihi ukiporomoka kutoka asilimia 97.6 hadi 2.4. Arvind Narayanan na Sayash Kapoor wa Chuo Kikuu cha Princeton waliichunguza wakagundua kwamba namba zote zilizoulizwa zilikuwa tasa. Katika jaribio lao, toleo la Machi lilikuwa likijibu karibu kila mara kwamba namba ni tasa, na la Juni karibu kila mara kwamba si tasa, bila yoyote kati yao kufanya hesabu ya kweli. Watafiti walipochanganya namba tasa na zisizo tasa, pengo lilipungua: asilimia 84 kwa Machi na 51 kwa Juni. Funzo la kisa hiki kwa anayetunza maagizo ni kubwa kuliko tarakimu zenyewe. Jaribio la sampuli za aina moja lingeweza kulipitisha agizo kwa alama za juu kabisa wakati zana haikuwa ikifanya kazi iliyoombwa.

Mabadiliko huja kwa njia kadhaa, na zote hazionekani kwa wepesi sawa. Njia iliyo wazi ni modeli mpya kutolewa kwa jina jipya. Iliyofichika zaidi ni jina lilelile kuelekezwa kwenye modeli nyingine. Mwaka 2024 waliotumia OpenAI kwa njia ya programu waliweza kuandika `gpt-4o`, ambalo ni jina la jumla, au `gpt-4o-2024-05-13`, ambalo ni jina la toleo lililofungwa kwa tarehe. Jina la jumla lilianza kwa kuelekeza kwenye toleo hilo la Mei 2024, na baadaye mwaka huohuo likaelekezwa kwenye `gpt-4o-2024-08-06`. Aliyeandika jina la jumla alihamishwa bila kugusa hata herufi moja ya kazi yake. Hata jina la biashara halitoshi kutofautisha. Mwaka 2024 kampuni ya Anthropic ilikuwa na modeli mbili zilizojulikana kwa watu kama Claude 3.5 Sonnet, ya Juni na ya Oktoba. Ni majina ya kuandikia tu yaliyozitenganisha: `claude-3-5-sonnet-20240620` na `claude-3-5-sonnet-20241022`.

Mtumiaji wa dirisha la kawaida la mazungumzo, kwenye simu au kivinjari, ana udhibiti mdogo zaidi. Juu ya modeli yenyewe kuna maelekezo ya kampuni ambayo mtumiaji hayaoni, nayo hubadilishwa wakati wowote. Mwishoni mwa Aprili 2025 OpenAI ilisasisha GPT-4o ndani ya ChatGPT, na watu wakaona inakubaliana na kila wasemalo na kuwasifu kupita kiasi. Kampuni yenyewe ilikiri kasoro hiyo na kulirudisha toleo la awali ndani ya siku chache. Ofisi iliyokuwa ikitumia agizo la kuhakiki rasimu za barua katika siku hizo ilikuwa na mhakiki mwenye tabia tofauti na yule iliyempima, kisha akabadilika tena. Jina lililosomeka kwenye skrini halikubadilika.

Zana za picha nazo zina kisa chao. Stable Diffusion 2.0 ilipotoka Novemba 2022, sehemu inayosoma maneno ya agizo ilikuwa imebadilishwa na kuwekwa nyingine iliyofundishwa upya. Maagizo yaliyotegemea jina la msanii fulani ili picha ifuate mtindo wake yalipoteza nguvu kwa siku moja, kwa sababu msomaji mpya hakuyajua majina hayo kama alivyoyajua wa zamani. Maneno yalibaki, ila maana yake ndani ya mashine ilikuwa imehama.

Kabla ya kulilaumu sasisho, hata hivyo, kuna tofauti ya aina nyingine ya kuondoa njiani. Zana hizi huchagua neno linalofuata kwa uwezekano, hivyo agizo moja likitumwa mara mbili asubuhi moja, kwa toleo moja, huweza kutoa majibu mawili. Kiasi cha bahati nasibu hiyo hurekebishwa kwa kipimo kiitwacho `temperature` pale ambapo zana inaruhusu: kikiwa 0, zana hushikilia neno lenye uwezekano mkubwa zaidi; kikipanda, hutangatanga. Hata kwenye 0 majibu hayafanani daima. Seva huhesabu maombi ya watu wengi kwa pamoja, na mpangilio wa kujumlisha desimali ukibadilika kidogo, neno moja huweza kulishinda jingine walipokuwa karibu sawa. Kwa sababu hiyo jibu moja lililotofautiana si ushahidi wa lolote. Ushahidi ni sampuli nyingi, kila moja ikitumwa zaidi ya mara moja, kwa toleo la zamani na kwa jipya, siku ileile.

Namna kumbukumbu hizi zinavyofanya kazi huonekana vizuri katika mfano uliofuatwa hatua kwa hatua. Chukulia zahanati inayopokea maombi ya miadi kwa ujumbe wa simu. Wagonjwa huandika kwa Kiswahili, kila mtu kwa namna yake, na zana ya akili mnemba inaagizwa kutoa vitu viwili tu kutoka kwenye kila ujumbe: tarehe na saa. Jibu huingia moja kwa moja kwenye ratiba ya mapokezi, ambayo hutumia saa 24. Kazi inaonekana nyepesi, lakini ina mtego ambao kila msemaji wa Kiswahili anaujua: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa kumi jioni ni 16:00, saa sita kasoro robo mchana ni 11:45. Pia wako wagonjwa wanaoandika “8:00am” kwa hesabu ya Kiingereza, na katika ujumbe huo saa haipaswi kugeuzwa.

Kosa la hatari hapa ni lile lisilopiga kelele. Zana ikiisoma “saa mbili asubuhi” kuwa 02:00, mhudumu atashtuka, kwa kuwa mlango wa zahanati umefungwa usiku huo. Lakini “saa nane” ya mchana ikiandikwa 08:00 badala ya 14:00, ratiba haitalalamika: saa hiyo zahanati iko wazi na daktari yupo. Mgonjwa atafika saa nane mchana na kuambiwa nafasi yake ilipita asubuhi. Vivyo hivyo “saa kumi” ikiandikwa 10:00. Yeyote anayechagua ujumbe wa majaribio kwa kazi hii aanze na saa hizo mbili.

Mhudumu wa mapokezi huchagua ujumbe 40 wa kweli, hufuta majina na namba za simu, kisha huandika kwa mkono jibu sahihi la kila ujumbe kabla zana haijaguswa. Mpangilio huo una sababu yake. Mtu anayeliona jibu la mashine kwanza huelekea kulikubali, hasa likiwa limepangwa vizuri. Miongoni mwa ujumbe huo uwepo wa kila aina: uliotaja asubuhi au jioni, usiotaja, wa “kesho kutwa”, wa “Jumatano ijayo”, wa hesabu ya Kiingereza, na hata ule usio na ombi la miadi kabisa, kwa sababu zana inapaswa pia kujua kuacha nafasi tupu. Kosa la namba tasa lingerudi hapa endapo ujumbe wote 40 ungekuwa na saa iliyo wazi.

Tuseme agizo linapimwa na kupata ujumbe 39 sahihi. Msimamizi wa mapokezi anakubali, na kumbukumbu inaandikwa juu ya faili la agizo:

```
agizo: miadi-ujumbe
toleo: 2.1
modeli: gpt-4o-2024-05-13
temperature: 0
limepimwa: 2024-07-15, sahihi 39 kati ya 40
kosa linalojulikana: "mtondo" husomwa kama kesho
limeidhinishwa na: msimamizi wa mapokezi
```

Kila mstari una kazi yake. Jina la modeli ni lile refu lenye tarehe, si jina la jumla. Tarehe ya kupima ni ya siku majaribio yalipofanyika, ambayo huweza kuwa tofauti na siku ya kutia sahihi. Mstari wa kosa linalojulikana mara nyingi huachwa kwa aibu, na hilo ni hasara, kwa kuwa ndio utakaoonyesha baadaye kama toleo jipya limeponya kosa hilo au limeongeza jingine. Ambapo zana hutoa alama ya hali ya seva zake, kama `system_fingerprint` ambayo OpenAI ilianza kuirudisha pamoja na majibu mwaka 2023, nayo huandikwa. Alama hiyo ikibadilika, kitu upande wa kampuni kimebadilika hata kama jina la modeli limebaki.

Baadaye modeli mpya inatoka na zahanati inataka kuhamia. Hatua ya kwanza ni kutuma maneno ya toleo 2.1, bila kurekebisha hata nukta, kwenye zana mpya. Kishawishi cha kurekebisha agizo palepale ni kikubwa, lakini atakayebadilisha maneno na zana kwa wakati mmoja hatajua ni kipi kilicholeta anachokiona. Siku hiyohiyo zana ya zamani nayo hupewa ujumbe uleule 40, ili matokeo ya leo yalinganishwe na ya leo, yasilinganishwe na karatasi ya miezi iliyopita. Kila ujumbe hutumwa mara tatu.

Tuseme zana ya zamani inapata tena 39, na mpya inapata 33. Hesabu hiyo ni mwanzo tu. Kinachohitajika ni kusoma ujumbe saba uliokosewa, mmoja mmoja. Katika mfano huu mmoja ni ule wa “mtondo”, ambao zana zote mbili hukosea. Sita zilizobaki zina sura moja: mgonjwa ametaja saa bila kusema asubuhi wala jioni, mathalani “Jumatano saa kumi”. Zana ya zamani ilikuwa ikiichukulia saa ya Kiswahili na kuandika 16:00, ingawa agizo halikuwahi kuiambia ifanye hivyo. Mpya inaandika 10:00. Hapo ndipo msomaji wa kumbukumbu anagundua kwamba agizo 2.1 lilikuwa na pengo tangu mwanzo, na zana ya kwanza ilikuwa ikiliziba kwa mazoea yake yenyewe. Sehemu kubwa ya hitilafu zinazofuata sasisho ni za namna hii: kazi iliyofanywa na zana kwa hisani, ambayo hakuna aliyeiandika.

Ingekuwa tofauti ni ya ujumbe mmoja au miwili kati ya 40, na makosa hayafanani, pasingekuwa na haki ya kusema zana moja ni bora kuliko nyingine. Bahati nasibu peke yake huleta mtikisiko wa kiasi hicho. Makosa sita yenye sura moja, yanayojirudia katika kila moja ya mara tatu, ni jambo lingine.

Sasa ndipo maneno yanarekebishwa. Sentensi inaongezwa: saa isiyotajwa asubuhi wala jioni isomwe kwa hesabu ya Kiswahili, na zahanati hufunguliwa 08:00 hadi 17:00. Sentensi ya pili inasema ujumbe wenye “am” au “pm” usigeuzwe. Toleo jipya linapimwa kwenye zana mpya na kupata 39. Jaribio moja linabaki, na wengi hulisahau: kulirudisha toleo hilo jipya kwenye zana ya zamani. Si ajabu likashindwa huko. Zana ambayo tayari ilikuwa ikigeuza saa kwa mazoea huweza, ikipewa kanuni ya kugeuza, kuivusha mpaka kwenye ujumbe wa “8:00am” na kuandika 14:00. Agizo bora kwa zana moja si lazima liwe bora kwa nyingine, hata ikiwa ni ndugu yake wa miezi mitatu iliyopita. Kwa hiyo kumbukumbu hubaki na mistari miwili, 2.1 kwa zana ya zamani na 3.0 kwa mpya, na zahanati huvuka kutoka mmoja kwenda mwingine kwa siku iliyotajwa.

Namba hizo zina mantiki yake. Tarakimu ya kwanza hupanda pale ambapo wanaolitegemea jibu watapata kitu tofauti, kama kanuni mpya ya saa au safu mpya katika ratiba. Ya pili hupanda kwa marekebisho madogo ya maneno, hata koma. Wapo wanaopendelea kuiingiza zana ndani ya namba yenyewe, lakini mtindo huo huchanganya mambo: maneno yaleyale yanaweza kupimwa kwa zana tatu, na haifai yawe na majina matatu. Ni bora namba iwe ya maneno peke yake, na kila jozi ya maneno na zana iwe na mstari wake wenye hali mojawapo ya tatu: limeidhinishwa, linasubiri kupimwa, au limekataliwa. Zana mpya ikifika, agizo halirithi idhini ya zana iliyotangulia. Huanza kwenye “linasubiri kupimwa” hata likiwa la mwaka mzima.

Toleo la zamani halifutwi na halifunikwi. Ofisi yenye mtu wa kompyuta huweza kuweka maagizo kwenye Git, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza historia ya programu, nao utaonyesha nani alibadilisha nini na lini. Ofisi isiyo na mtu huyo inatosheka na jedwali la kawaida, mradi kila toleo lipate safu yake mpya. Ugumu mkubwa hauko kwenye zana ya kutunzia. Uko kwenye kundi la WhatsApp la kazini, ambako agizo hunakiliwa, mtu akaongeza “tafadhali”, simu ikabadilisha alama za nukuu, na kumbukumbu ya zana ikaachwa nyuma. Baada ya wiki mbili kuna nakala tano zinazoitwa “ile promti ya miadi”. Ofisi iliyokutana na hali hiyo hufanya vema kukubaliana kwamba kinachotumwa kwenye kundi ni kiungo cha faili au namba ya toleo tu, kamwe si maneno yenyewe. Wengine huandika namba ya toleo kama mstari wa kwanza wa agizo ili isipotee. Inafaa, ila mstari huo nao husomwa na zana, hivyo agizo lipimwe likiwa nao.

Wanaotumia dirisha la mazungumzo peke yake hawawezi kuifunga zana kwa tarehe, na mara nyingi hawaoni jina refu la modeli. Kumbukumbu yao huwa nyembamba: jina linaloonekana kwenye skrini, aina ya akaunti, kama kumbukumbu ya mazungumzo ya nyuma imewashwa au imezimwa, na siku. Hiyo ya tatu husahaulika, ilhali zana inayokumbuka mazungumzo ya mtumishi mmoja humjibu tofauti na mwenzake kwa agizo lilelile, na ofisi huishia kulaumu sasisho lisilokuwapo. Kwa kuwa kampuni haitawapigia simu kuwaambia imebadilisha nini, hawa wanahitaji sampuli chache zinazorudiwa kwa ratiba. Ujumbe kumi wenye majibu yanayojulikana, ukitumwa kila Jumatatu kwenye mazungumzo mapya, huchukua dakika chache na huonyesha mabadiliko kabla ya wateja kuyaona.

Kwenye kazi ya zahanati, kinga nyingine inaweza kuwekwa nje ya zana kabisa. Ujumbe wenye neno “jioni” ambao saa yake imeandikwa kabla ya 12:00 husimamishwa na kupelekwa kwa mhudumu, vivyo hivyo jibu lolote lisilo na tarehe na saa kwa umbo linalotarajiwa. Kanuni hiyo ya pili ingevinasa vile vialama vitatu vya mwaka 2023 siku ya kwanza. Kinga za namna hii hazijali ni toleo gani linatumika. Hata hivyo haziwezi kuinasa “saa kumi” iliyogeuka 10:00 pale ambapo mgonjwa hakutaja jioni. Kosa hilo hunaswa na sampuli peke yake.

Kufunga zana kwa tarehe nako kuna mwisho wake. Matoleo yenye tarehe hustaafishwa na kampuni zilizoyatoa. `gpt-3.5-turbo-0613`, mojawapo ya yaliyotumika sana, ilizimwa Septemba 2024. Tangazo hutolewa kabla, na muda huo ndio wa kupima. Mwenye ujumbe 40, majibu yake na orodha ya makosa yanayojulikana hufanya kazi hiyo kwa siku moja. Aliyetunza maneno tu hana cha kulinganisha nacho: zana ya zamani ikishazimwa, hakuna njia ya kuiuliza ilikuwa ikijibu nini. Kwa hiyo majibu ya zana ya zamani kwa sampuli zote yahifadhiwe yangali yanapatikana, pamoja na yale iliyokosea.

Anayetunza agizo lolote la kazi leo, na alifungue faili lake aandike juu yake jina kamili la zana na tarehe ya leo, kisha achague ujumbe kumi na kuweka majibu sahihi kando yake, kabla sasisho linalofuata halijafika.